Maji matupu, kipande, sabuni ya maji au shampuu isiyowasha macho: kichanga wa Kusini aogeshwe na nini?

Mzazi wa hapa Mtwara akifika siku ya tatu tangu ajifungue, kapu la zawadi huwa limeshajaa. Shangazi kaleta kipande cha sabuni chenye picha ya mtoto, wifi kaleta chupa ya sabuni ya maji, jirani kaleta shampuu iliyoandikwa kwamba haitoi machozi, na bibi mwenyewe kaja na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua kwa mkono wake. Kisha mzazi ananijia kliniki akiwa na swali moja: kati ya hivi vyote, kipi nianze nacho? Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, kwanza Newala kisha hapa mjini, na swali hili nalipokea karibu kila wiki.

Nitalinganisha vitu vinne tu, vile vinavyogombea beseni la kichanga: maji matupu, sabuni ya kipande, sabuni ya maji ya mtoto, na shampuu ya "haitoi machozi". Kila kimoja nitakipima kwa mambo yaleyale: kinaifanya nini ngozi, kikiingia machoni inakuwaje, kinataka maji kiasi gani ya kusuuzia, na kinagharimu kiasi gani kwa muda kinaodumu. Suala la maji ya kusuuzia halitajwi sana kwenye maandishi ya bidhaa hizi, lakini kwa mtu wa uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ni ya kuhesabu, linaweza kuwa ndilo linaloamua yote.

Ngozi inayoogeshwa ni ya namna gani

Mtoto huzaliwa akiwa na utando mweupe mzito kama siagi, hasa mgongoni, kwapani na kwenye mapaja. Wapo wanaousema vibaya, kwamba ni alama ya mama kutojizuia na mumewe wakati wa ujauzito. Si kweli. Utando huo hutengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe tumboni, sehemu kubwa ni maji, na zilizobaki ni protini na mafuta. Unamlinda na vijidudu na unaifanya ngozi isikauke. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24 tangu azaliwe, na pale ambapo mila hairuhusu kusubiri kiasi hicho, angalau zipite saa 6. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara inalijua jambo hili kuliko mingine mingi, maana utafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ulipita vijijini kwetu miaka ya 2010 ukitumia wanawake wa kujitolea kuwatembelea wajawazito majumbani, na kuchelewesha kuoga ilikuwa moja ya nasaha walizotoa.

Baada ya hapo ngozi inaanza kazi yake ya kujijenga. Siku anapozaliwa, kipimo cha pH cha ngozi yake kiko karibu na 7, yaani si asidi wala si alkali. Katika wiki za mwanzo kinashuka taratibu kuelekea 5, na ile asidi kidogo ndiyo inayowazuia vijidudu wabaya na kuzishikanisha seli za juu zisiachie. Ngozi yenyewe ni nyembamba kuliko yetu. Kwa hiyo kila unachokipaka au kukimwagia katika mwezi wa kwanza kinakuta ukuta ambao udongo wake bado ni mbichi.

Jambo moja zaidi kabla ya kuingia kwenye chupa. Kichanga aliyetimiza miezi yake hubambuka ngozi kwenye vifundo vya mikono na miguu katika wiki mbili za mwanzo, hata akiogeshwa kwa maji ya mvua. Huko ni kujichuna kwa kawaida, hakuhitaji bidhaa yoyote, na kuisugua ngozi hiyo kwa dodoki ndiko kunakoleta vidonda.

Maji matupu

Kwa ngozi, maji ya uvuguvugu ndiyo yenye madhara madogo kuliko vyote, ila si kwamba hayana kabisa. Ukimlaza mtoto majini nusu saa, au ukimwogesha mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto, maji yenyewe yatamkausha. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Maji yawe ya joto la mwili, nyuzi 37 au 38. Bila kipimajoto, tangulia kumimina maji ya baridi, ongeza ya moto, changanya kwa mkono, kisha zamisha kiwiko: usihisi moto wala baridi. Kiganja cha mama anayepika kila siku kimezoea moto na kinadanganya.

Kwa macho, hakuna cha kueleza. Kwa kusuuza, hakuna cha kusuuza; ndoo ndogo ya lita tano inamaliza kazi yote. Kwa mfuko, ni bure, au ni bei ya ndoo.

Udhaifu wake ni mmoja na ni wa kweli: maji hayaondoi mafuta. Kinyesi cha mtoto anayenyonya kina mafuta. Maziwa yanayotiririka na kulala kwenye mikunjo ya shingo yana mafuta, na kwa joto letu la Novemba yanachacha humohumo kwa saa chache. Mafuta ya nazi ya bibi ni mafuta. Mtoto ambaye shingo yake inafunguliwa na kufutwa kwa kitambaa laini kila siku anaweza kuishi kwa maji matupu mwezi mzima bila shida. Mtoto anayepakwa mafuta asubuhi na jioni, mwenye mashavu manene na shingo isiyoonekana, maji matupu yatamwachia utando unaonata, na chini ya utando huo joto linatoa harara.

Tena, maji yetu hayafanani. Visima vingi vya ukanda wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, vina maji ya chumvichumvi au maji magumu. Ukiona birika lako linaota ukoko mweupe ndani, ujue maji hayo yanakausha ngozi kidogo hata bila sabuni. Anayekinga maji ya mvua ayatenge kwa ajili ya mtoto. Na ya kusafishia macho, pamba ilowe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake.

Sabuni ya kipande

Hii ndiyo iliyotulea sote, na sitaki kuisema kama adui. Tatizo liko kwenye asili yake. Sabuni halisi hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na magadi makali, na hata ikitiwa rangi ya waridi na picha ya mtoto, pH yake inabaki kwenye 9 au 10. Hiyo ni mbali sana na ngozi inayojitahidi kushuka kuelekea 5. Inaondoa uchafu vizuri, na mafuta ya ngozi inayaondoa pia. Mtu mzima ngozi yake inajirudisha baada ya saa chache. Kichanga huchelewa, na kabla hajajirudisha ameshaogeshwa tena.

Machoni inawasha sana, kwa sababu hiyohiyo ya ualkali.

Kwenye kusuuza ndipo inaposhindwa zaidi hapa kwetu. Sabuni halisi ikikutana na maji magumu haitoi povu; inaungana na chokaa iliyomo majini na kuwa utando mweupe unaonata, uleule unaouona pembeni mwa beseni. Utando huo unabaki pia kwenye ngozi ya mtoto, hasa kwapani na nyuma ya magoti. Mama akiona povu halitoki anaongeza sabuni, kumbe anaongeza utando. Kuuondoa kunataka lita nyingi za maji, na ndizo hazipo.

Faida yake ni bei na upatikanaji: kila duka la mtaani linayo, na kipande kimoja kinakaa miezi. Basi anayebaki nayo achague isiyo na manukato makali wala dawa ya kuua vijidudu, asimpake mtoto moja kwa moja bali asugue kidogo kwenye kiganja chake mwenyewe, na aitumie sehemu ya pampasi tu. Kwenye karatasi yake utaitambua kwa majina kama sodiamu palmeti au sodiamu taloweti. Ukiyaona mwanzoni mwa orodha, hiyo ni sabuni halisi hata ikiitwa laini kiasi gani. Sabuni ya mche iache kwa nguo zake, na nguo hizo zisuuzwe mara mbili.

Sabuni ya maji ya mtoto

Nazungumzia ile ya dukani yenye lebo kamili, ya kuogeshea kichwa hadi miguu. Hii kwa hakika si sabuni. Ni visafishaji vya kutengenezwa maabara, vinavyoshika mafuta kama sabuni lakini vinaweza kurekebishwa pH mpaka ikaribie ile ya ngozi, kati ya 5.5 na 7. Katika maji magumu haitengenezi utando. Ndiyo maana povu lake linaondoka kwa jagi moja au mawili.

Je, inazidi maji? Mwaka 2013 kulichapishwa utafiti wa Uingereza uliofuata vichanga 307 wenye afya, baadhi wakiogeshwa kwa maji tu na wengine kwa sabuni ya maji ya mtoto. Ngozi zao hazikuonyesha tofauti ya maana. Utafiti huo uligharamiwa na mtengenezaji wa sabuni, kwa hiyo mimi nausoma hivi: sabuni laini ya maji haikuwadhuru, na pia haikuwapa chochote ambacho maji hayakuwapa. Unaiongeza pale tu panapokuwa na mafuta ya kuondoa.

Macho yanaivumilia kwa sehemu kubwa, kwani nyingi zimetengenezwa kwa viungo vilevile vya shampuu nitakayoieleza chini.

Kuhusu mfuko, watu wanaiona ghali kwa sababu wanaimwaga. Chukua chupa ya mililita 200. Kichanga anatosheka na nusu kijiko cha chai, kama mililita mbili na nusu, tena mara tatu kwa wiki. Hiyo ni mililita saba na nusu kwa wiki, na chupa inakwenda miezi sita. Mama anayeiminya kiganjani, mililita kumi kila siku, anaimaliza kwa siku 20. Tofauti kati ya bidhaa ya anasa na bidhaa ya kawaida iko kwenye kijiko.

Ila kuna kosa moja ninaloliona kila mara na linanitia hofu: chupa ikikaribia kuisha inajazwa maji ili ifike mwisho wa mwezi. Dawa ya kuhifadhi iliyomo imepimwa kwa ujazo ule wa kiwandani. Ukiongeza maji ya kisima unaizimua na unaleta vijidudu, halafu unaiacha bafuni kwenye joto. Ukiona imekuwa nyepesi, imebadilika harufu au ina mawingu, imwage. Kama unataka kuizimua, izimulie kwenye beseni wakati wa kuogesha.

Wala isichanganywe na sabuni ya maji ya kutengenezwa nyumbani, ile inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Hiyo ni ya vyombo na sakafu. Jina ni moja, vitu ni viwili.

Shampuu ya "haitoi machozi"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo bidhaa inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Shampuu ya kawaida inawasha jicho kwa sababu viungo vyake vya povu ni vidogo na vina chaji kali. Vinapenya ule utando mwembamba wa machozi ulioko juu ya mboni, vinaufumua, na kugusa mishipa ya fahamu iliyoko hapo kwa wingi. Shampuu ya mtoto inatumia viungo vya aina nyingine, kama kokamidopropili betaini na vingine visivyo na chaji. Hivi vina umbo kubwa na hukusanyika makundi makubwa majini, kwa hiyo havipenyi kwa urahisi. Juu ya hapo, pH yake huwekwa karibu na ya machozi, ambayo ni kama 7.4. Basi hiyo ndiyo siri yote. Uvumi kwamba imetiwa dawa ya ganzi ili mtoto asihisi maumivu hauna ukweli. Haihitaji ganzi kwa sababu haichomi kwa kiwango hicho.

Lakini angalia ahadi hiyo inahusu nini. Inahusu jicho. Haisemi kitu kuhusu ngozi, wala kuhusu manukato, na mtoto anaweza kupata wekundu wa kichwa kutokana na manukato ya shampuu ambayo kweli haikumwasha macho. Wala haina maana kwamba mtoto amwagiwe usoni. Kichanga hupepesa kope mara chache mno kuliko sisi, mara mbili hivi kwa dakika, kwa hiyo kilichoingia jichoni kinakaa. Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: vichanga wengi hawatoi machozi ya kutiririka wanapolia katika wiki za mwanzo, hata wakichomwa sindano. Kwa hiyo kukosa machozi si ushahidi kwamba shampuu haimwashi. Tazama anavyokaza kope, anavyogeuza kichwa, na wekundu wa jicho dakika kadhaa baadaye. Ukiyaona hayo, suuza jicho kwa maji safi ya uvuguvugu kutoka pembe ya puani kwenda nje.

Kwa nguvu ya kusafisha, ni dhaifu, na udhaifu huo ndio bei ya upole wake. Nywele za kichanga zenye jasho tu itazisafisha mara moja. Zilizopakwa mafuta ya nazi siku nne mfululizo zitabaki na mafuta, na mama atadhani shampuu ni ya bandia. Pakeni mafuta kidogo, badala ya kutafuta shampuu kali.

Kusuuza inataka maji kama ile ya mwili. Kuhusu gharama, geuza chupa zote mbili usome orodha: mara nyingi shampuu na sabuni ya maji ya kampuni moja zina viungo vilevile kwa mpangilio unaokaribiana. Kwa mtoto mwenye nywele chache, moja inafanya kazi ya zote mbili. Mahali ambapo shampuu inastahili kuwepo ni kwenye ule ukoko wa manjano wa kichwani unaojitokeza wiki za mwanzo. Paka mafuta kidogo, acha nusu saa ulainike, chana taratibu kwa burashi laini, kisha osha mafuta yote kwa shampuu. Mafuta yakiachwa huko yanaushikilia ukoko badala ya kuutoa. Usiubandue kwa kucha.

Mtoto wa siku 19

Mwaka fulani, msimu wa korosho, alikuja mama kijana na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa na siku 19, ananyonya vizuri, uzito umepanda, hana homa. Ngozi ya vifundo vya miguu ilikuwa imepasuka mistari myembamba, shingo nyekundu, na mgongoni harara. Nilimwuliza bibi, maana ndiye aliyekuwa akiogesha: "Shikamoo bibi. Mjukuu anaogeshwaje?"

Akanieleza kwa fahari, na alikuwa na haki ya kujivunia, kwani alikuwa akiamka alfajiri kuchota. Mara mbili kwa siku. Kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vijidudu, ile inayogeuka maziwa ikiingia majini. Kipande cha sabuni mwili mzima kwa dodoki. Shampuu kila asubuhi. Kisha losheni, na mwisho poda shingoni. "Mtoto asiyenukia sabuni hajaoga, mwanangu," aliniambia.

Tulikubaliana siku saba. Asubuhi, maji matupu dakika tano, jioni kitambaa chenye maji usoni, shingoni na sehemu ya pampasi. Sabuni ya maji nusu kijiko, siku moja ndiyo na siku moja hapana, shingoni na makalioni tu. Dodoki liende likizo. Dawa ya kuua vijidudu iondoke moja kwa moja, kwa sababu imetengenezwa kwa ngozi ngumu na vyombo, nayo inaua hata vijidudu wema wanaotakiwa kukaa kwenye ngozi ya mtoto. Poda pia iondoke. Mtoto anaivuta puani, na kwenye shingo yenye jasho inageuka tope. Bibi alipewa kazi ya kufungua mikunjo ya shingo na kuikausha kwa kugusagusa na kanga laini, bila kusugua. Kazi hiyo aliipenda.

Siku ya saba mistari ya miguu ilikuwa imefunga na wekundu wa shingo umefifia. Harara ilibaki kidogo, na hilo ni la joto: tulipunguza nguo na kumlaza upande wa dirisha lenye upepo. Baada ya hapo tulirudisha kitu kimoja kimoja, siku nne kila kimoja. Shampuu ilirudi bila neno. Kipande kiliporudi, siku ya tatu wekundu ulionekana tena kwapani, na maji yao yalikuwa ya kisima cha chumvi. Hapo bibi mwenyewe aliamua kipande kiwe cha nguo. Losheni hatukuirudisha, kwa kuwa ngozi haikuwa kavu tena. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2020, uliofuata watoto 1,394, ulikuta kwamba kumpaka mtoto vilainishi kila siku mwaka wa kwanza hakukumkinga na pumu ya ngozi.

Kama mtoto yule angekuwa na malengelenge yenye usaha, wekundu unaozunguka kitovu, homa, au angekuwa amelegea na kukataa titi, tusingezungumza habari za sabuni hata dakika moja. Angelazwa siku hiyohiyo.

Kwa hali yako

Wiki ya kwanza, kitovu hakijadondoka: maji na kitambaa, popote ulipo. Kitovu kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Kapu la zawadi lifungwe kwanza, halitaharibika.

Uko Newala, Tandahimba au kijiji kingine cha uwandani ambako maji ni ya kununua: maji matupu kwa siku nyingi, kwa sababu sabuni yoyote isiyosuuzwa vizuri ni mbaya kuliko kutotumia sabuni. Tenga lita mbili safi za kumwagia mwisho siku utakayotumia sabuni ya maji. Juni na Julai huko kunapokuwa na baridi, mwogeshe mara mbili au tatu kwa wiki, adhuhuri, na siku nyingine mfute.

Uko pwani, maji ya kisima ni magumu, joto ni kali: sabuni ya maji ya mtoto inakufaa kuliko kipande, siku moja moja, kwenye mikunjo na makalio. Siku zilizobaki maji yanatosha.

Fedha imebana na kipande ndicho kilichopo: maji mwili mzima, kipande kidogo kiganjani kwa sehemu ya pampasi, suuza vizuri. Mtoto wako hatapungukiwa.

Mtoto ana nywele nyingi, au ana ukoko kichwani, au bibi anampaka mafuta na hamtaki kuacha: shampuu mara moja au mbili kwa wiki, akiwa ameegeshwa kichwa nyuma, kiganja chako kikikinga paji la uso.

Unanunua leo dukani: chagua chupa moja, isiyo na manukato au yenye manukato hafifu, lebo isiyofutika, tarehe ya mwisho inayosomeka, na alama ya TBS. Ijaribu kwanza tone moja kwenye paja la mtoto, suuza, na uangalie kesho yake.

Mtoto kazaliwa kabla ya miezi kutimia, au ngozi inatoa maji, au kuna pumu ya ngozi kwa baba au mama: usichague kwa maandishi haya. Njoo naye kliniki, na uje na chupa zote mnazotumia ndani ya mfuko, hata zile za bibi.